Nimeambiwa niandike memo ya kuhama pensheni, watu wameshaanza kusema pesa zimeliwa

*Kaka salaam. Mimi niko ofisi ya rasilimali watu kwa kampuni ya maghala hapa Mombasa, tuko wafanyakazi kama 180 hivi, madereva, watu wa foklifti, makarani, walinzi. Skimu yetu ya pensheni ya kampuni inafungwa na kuanzia tarehe 1 Julai 2026 tunaingia skimu ya mwavuli, ile moja inayobeba waajiri wengi pamoja. Mkurugenzi amenipa makaratasi kurasa 31 kutoka kwa wasimamizi, ameniambia "wafupishie watu". Nimeandika kurasa nne, hakuna aliyesoma, na kantini maneno ni mengi, wengine wanasema pesa zimeliwa, wengine wanauliza watalipwa kesh lini. Fomu zinatakiwa kabla ya katikati ya Juni. Nisaidie, memo kama hii inaandikwaje na niweke nini?*
*— Wa Miritini*

Dada, waleikum salaam. Nimekaa miaka mingi upande wa usimamizi wa pensheni, na memo za kuhama nimezisoma mpaka basi, nyingi zinaanza na "kufuatia uamuzi wa bodi ya wadhamini" halafu zinaenda kueleza faida za mwavuli, gharama zitashuka, utaalamu utaongezeka, na tarehe ya fomu iko ukurasa wa tatu chini kabisa. Mtu wa foklifti ana dakika tano za chai. Anataka kujua vitu vitatu tu, pesa yangu iko wapi, nifanye nini mpaka lini, na nisipofanya itakuwaje. Hilo la mwisho ndo watu wa ofisi wanalisahau kila mara, na ndilo linalozaa maneno ya kantini, manake mtu asipoambiwa itakuwaje anajijazia mwenyewe.

Lakini kabla hujaandika hata mstari mmoja kuna maswali ya kuwauliza wasimamizi wa skimu ya zamani na mhasibu wenu, usipoyauliza memo yako itakuwa nzuri ya kusoma lakini watu wataumia.

La kwanza, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni salio la kila mtu kukaguliwa KABLA halijahama. Skimu ikifungwa, msimamizi wa zamani anatuma faili moja kwa mpya, majina, namba, tarehe za kuzaliwa na pesa. Kilichoko kwenye faili ndicho kinachokuwa ukweli. Kama mwaka 2019 kuna miezi miwili mchango ulikatwa kwa mshahara lakini haukufika skimu, au ulifika ukawekwa kwa mtu mwingine wa jina la kufanana, sasa hivi bado yuko mtu wa kumuuliza na rekodi anazo. Mwaka kesho utaambiwa skimu ile imeshafungwa hesabu, mpya wanasema sisi tulipokea hivi. Kwa hiyo nenda kwa mhasibu umuulize waziwazi, kuna mwezi wowote tulikata na hatukupeleka? Swali gumu najua, na pengine mkurugenzi hatalipenda, lakini heri lijibiwe Mei kuliko mjane aje kuliuliza. Halafu kila mwanachama apewe stetimenti yake aishike mkononi, achukue hati za mshahara za miezi michache alinganishe. Hana haja ya kukagua miaka kumi yote, achague mwezi mmoja wa kila mwaka, na ule mwezi aliopandishwa mshahara, hapo ndo makosa hujificha manake mshahara umepanda lakini mchango umebaki kwa kiwango cha zamani.

La pili ni riba ya katikati ya mwaka. Hili wengi hawalijui hata huko ofisini. Kama pesa zenu ziko kwenye mfuko wa dhamana, ule wa kampuni ya bima, riba ya mwaka hutangazwa baada ya mwaka kuisha. Anayetoka katikati hupewa kiwango cha muda, na mara nyingi kiko chini. Tuchukue mtu mwenye 840,000 mwisho wa Desemba 2025, mshahara wake 60,000, yeye anachanga asilimia 5 yaani 3,000 na kampuni inamuwekea asilimia 7 yaani 4,200. Januari mpaka Juni ni 7,200 mara sita, 43,200. Bila riba yoyote anatakiwa ahame na 883,200. Sasa ile 840,000 ikipewa kiwango cha muda cha asilimia 4 kwa mwaka, nusu mwaka ni 16,800. Kama mfuko huohuo baadaye utatangaza asilimia 10, aliyebaki angepata 42,000 kwa nusu mwaka ileile. Tofauti ni 25,200 kwa mtu mmoja, na hizo asilimia nimeziweka kwa mfano tu ili uone ukubwa wake, za kwenu ziko kwenye mkataba wa mfuko. Waulize wadhamini, tunahama na riba gani kwa Januari mpaka siku ya kuhama, na kama itatangazwa baadaye je tofauti italetwa? Wapate jibu kwa maandishi. Wakati mwingine ukiuliza tu, mazungumzo yanafunguka.

La tatu ni NSSF daraja la pili. Kama kampuni yenu ilipata ruhusa ya kupeleka mchango wa daraja la pili kwa skimu yenu badala ya NSSF, ruhusa ile ilihusu skimu ile. Toka Februari 2026 kikomo cha chini cha mshahara wa kuhesabia mchango ni 9,000 na cha juu ni 108,000, mpaka kile cha chini ni daraja la kwanza na kinachozidi hapo ni la pili, kwa hiyo yule wa 60,000 anakatwa jumla 3,600, ambapo 540 ni daraja la kwanza inaenda NSSF lazima, na 3,060 ni daraja la pili. Kampuni nayo inaweka kiasi hichohicho. Sasa Julai ile 3,060 yake na 3,060 ya kampuni zinaenda wapi? Kama skimu ya mwavuli imekubaliwa kupokea daraja la pili, sawa, kama karatasi hazijakamilika basi zinarudi NSSF, na hilo si kosa, kosa ni mtu kuona hati ya mshahara imebadilika sura hajaambiwa.

Ukishapata majibu hayo ndo ukae uandike. Ukurasa mmoja. Zile kurasa 31 ziache ofisini kwako, anayetaka aje asome, andika hivyo kabisa kwenye memo, manake mtu akijua zinasomeka wazi wasiwasi unapungua. Mimi ningeandika hivi, wewe badilisha tarehe na kiwango kulingana na majibu yako:

MEMO KWA WAFANYAKAZI WOTE
Kuhusu: Pensheni yetu inahamia skimu mpya tarehe 1 Julai 2026. Una kazi mbili za kufanya, ya kwanza kabla ya Ijumaa tarehe 22 Mei, ya pili kabla ya Ijumaa tarehe 12 Juni.

Skimu ya pensheni ya kampuni inafungwa. Pesa zako zote, ulizokatwa wewe na alizoweka mwajiri, pamoja na riba, zinahamishwa kwenda skimu ya mwavuli. Hazipiti mikononi mwa kampuni, zinatoka benki inayotunza mali za skimu ya zamani kwenda benki inayotunza za skimu mpya. Mchango wako unabaki asilimia 5 na wa kampuni asilimia 7. Mshahara wa Juni ndio wa mwisho kuchangia skimu ya zamani, wa Julai unaanza skimu mpya.

Hakuna atakayelipwa pesa taslimu kwa sababu ya kuhama. Bado uko kazini, kwa hiyo hujaacha skimu, akaunti yako ndiyo inabadilisha mahali.

*Kazi ya kwanza, mpaka Ijumaa 22 Mei.* Chukua stetimenti yako kwa ofisi ya rasilimali watu. Angalia jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ulioajiriwa, pini ya KRA, na michango. Ikiwa sawa, tia sahihi urudishe. Ikiwa si sawa, zungushia kosa kwa kalamu, ambatanisha fotokopi ya kitambulisho au hati ya mshahara, urudishe. Tutakupa nakala yenye muhuri.

*Kazi ya pili, mpaka Ijumaa 12 Juni.* Jaza fomu mpya ya wanufaika, yaani watu wa kulipwa ukifariki. Fomu uliyojaza zamani haihami. Andika majina kamili, uhusiano, na asilimia ya kila mmoja, jumla iwe 100. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 andika pia mtu mzima wa kumshikia.

Usipofanya chochote, pesa zako zitahama hivyohivyo na michango itaendelea. Lakini zitahama na makosa yaliyomo, na hutakuwa na mnufaika yeyote kwenye skimu mpya.

Kuanzia 1 Julai mpaka pesa zote zithibitishwe kufika, tunatarajia mwisho wa Septemba, hakutakuwa na malipo wala uhamisho. Kama unastaafu au unaacha kazi kabla ya 30 Septemba, kama una michango ya ziada ya hiari, au kama uliweka pensheni dhamana ya mkopo wa nyumba, njoo ofisini kabla ya 22 Mei, usisubiri fomu.

Tutakuwa kantini Jumanne na Alhamisi saa saba mchana, na kwa zamu ya usiku saa moja jioni getini. Makaratasi yote ya uhamisho yako ofisini, unaruhusiwa kuyasoma.

Hiyo ndiyo memo. Inatosha dada, usiongeze aya ya shukrani wala maono ya kampuni.

Sasa nikueleze kwa nini vitu fulani nimeviweka vile. Kichwa kimebeba tarehe zote mbili kwa makusudi, kwa sababu wengi watakachoona ni picha ya juu ya memo iliyopigwa simu na kutumwa kwenye grupu ya wasap, na kama tarehe ziko chini haziingii kwenye picha. Pia ile sentensi ya "hakuna atakayelipwa pesa taslimu" iko mapema na imesimama peke yake, manake ukiificha, kila mtu atasoma kile anachotaka, na siku ya malipo Julai utakuwa na foleni mlangoni. Wengine wameshaweka hesabu ya ada ya shule na mabati hapo, waambie mapema wajipange.

Tarehe mbili tofauti pia nimeziweka kwa sababu. Ukiweka zote 12 Juni, stetimenti zenye makosa zitakuja 12 Juni saa kumi, na msimamizi atakuwa na wiki mbili na siku chache kutafuta rekodi za miaka kumi. Hawezi. Zile wiki tatu katikati ni za kurekebisha makosa, na wewe mwenyewe zitumie kuwafuata wasiorudisha mmojammoja, usingoje waje.

Kuhusu wanufaika, hapo usilegeze hata kidogo. Kwa sheria ya Kenya, kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu, pesa za pensheni za marehemu hazihesabiwi kuwa sehemu ya mirathi yake, wadhamini ndio wanaolipa kwa kufuata kanuni za skimu. Fomu ile ndiyo inayowaongoza. Isipokuwepo, wadhamini inabidi waanze kutafuta nani alikuwa anamtegemea, barua ya chifu, vyeti, mikutano ya ukoo, na hapo familia inagawanyika huku watoto wanakaa nyumbani bila ada. Nimeona mara nyingi, mtu alijaza fomu akiwa kijana akamwandika mamake asilimia 100, akaoa, akapata watoto wanne, fomu ikabaki vilevile. Na mwingine ana wake wawili, kila mmoja anajua ameandikwa yeye peke yake. Mwambie kila mtu ajaze faraghani, si mezani kwa supavaiza, na bahasha ifungwe. Mtu akijaza mbele ya wenzake atamwandika mtu wa kusemwa vizuri, si mtu anayemtaka.

Tarehe ya kuzaliwa nayo usiione ndogo. Huko ndiko tarehe ya kustaafu inakotoka. Mtu wa 1971 akiandikwa 1977 kwa sababu moja iliyoandikwa kwa mkono ilionekana kama saba, mfumo utamhesabia miaka sita zaidi, na siku akija kudai ataambiwa bado hajafika umri. Majina vilevile, hapa pwani mtu ana jina la kitambulisho, jina la kazini na jina la nyumbani, na benki haitalipa jina lisilolingana na akaunti. Kitambulisho ndicho mfalme, kila kitu kifuate hicho.

Ya mkopo wa nyumba ni watu wachache, pengine wawili watatu kwenu, lakini wao lazima uwafikie ana kwa ana. Sheria inaruhusu mwanachama kuweka mpaka asilimia 60 ya mafao yake kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Benki iliyomkopesha ina barua kutoka kwa wadhamini wa zamani, wadhamini hao wakiondoka na pesa zikihama bila benki kuarifiwa, benki inaweza kumwandikia kuwa dhamana imeondoka. Barua mpya itoke kwa mdhamini wa mwavuli kabla, si baada.

Halafu kuna kundi ambalo memo ya ubaoni haiwafikii kabisa, wale walioacha kazi wakaacha pesa zao, au sehemu ya mwajiri ilibaki humo mpaka wafike umri. Nao wanahamishwa! Msimamizi anayo orodha yao, omba hiyo orodha, wapigie simu, tuma barua kwa anwani zilizopo. Wengi simu zitakuwa hazipatikani, uliza wenzao wa zamani, watu wa maghala wanajuana. Na walio likizo ya uzazi, walio wagonjwa, na madereva walioko Malaba siku hizo, hao uwatafute wewe.

Watakuuliza kantini, na wana haki, je wadhamini tuliowachagua wenyewe wanaenda wapi? Usiwazunguke. Kwenye mwavuli mdhamini ni kampuni, si watu waliowapigia kura. Hilo wanalipoteza kweli. Kinachobaki ni haki ya kupata stetimenti kila mwaka, kupata taarifa za hesabu, kuhudhuria mkutano wa mwaka, na kulalamika RBA, mamlaka ya serikali inayosimamia skimu za pensheni, kama hawajibiwi. Uliza pia kama mwavuli una kamati ya wanachama kwa kila mwajiri, nyingine zinayo, na kama ipo basi wale wadhamini wenu wa sasa ndio watu wa kuwekwa humo, wanajua historia. Ukweli kuhusu kinachopotea utakupa imani ya watu kwa yale mengine yote unayowaambia.

Na gharama. Wakurugenzi wengi watakwambia mwavuli ni rahisi zaidi, inaweza kuwa kweli kwa skimu ndogo kama yenu kwa sababu mkaguzi wa hesabu, msimamizi na mdhamini mnagawana na waajiri wengine. Lakini omba namba, ada zote za mwaka jana zilikuwa asilimia ngapi ya mfuko, na mwavuli watatoza asilimia ngapi, kila kitu ndani. Ukipata namba mbili hizo ziweke kwenye memo mstari mmoja. Usipozipata usiandike kwamba gharama zitashuka.

Memo ya pili andika Oktoba, fupi zaidi ya hii. Mpe kila mtu karatasi mbili pamoja, stetimenti ya kufungia ya skimu ya zamani na ya kufungulia ya mpya. Namba ya chini ya ile ya kwanza iwe sawa na namba ya juu ya ile ya pili, na kama kuna riba ya siku za katikati ionekane mstari wake. Zisipolingana mwanachama akuandikie wewe na msimamizi mpya, na umwekee nakala ya ile karatasi yenye muhuri aliyorudisha Mei, kwa sababu hapo ndo itamfaa. Wale waliozungushia makosa Mei waanze nao, uone kama yalirekebishwa kweli au yalihama nao.